Sasisho Likivunja Waifai: Namna ya Kurudi kwenye Kerneli ya Zamani na Kubaki Nayo

Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 2023, mradi wa Debian ulikuwa katikati ya kutoa toleo la 12.3, mkusanyiko wa marekebisho ambao hutoka kila baada ya miezi michache. Vifurushi vilikwisha kuanza kusambaa ilipogundulika kwamba kerneli iliyomo, namba 6.1.64, inaweza kuharibu data kwenye diski zenye mfumo wa faili wa ext4, ambao ndio Debian huuweka yenyewe mtu asipochagua mwingine. Utoaji ukasimamishwa na watumiaji wakaombwa wasisasishe mashine zao kwanza. Kesho yake, Jumapili, likatoka toleo la 12.4 likiwa na kerneli 6.1.66, na tatizo la diski likawa limekwisha.

Halafu baadhi ya watu wakawasha laptopu zao zilizosasishwa na kukuta balaa jingine. Waifai haishiki. Amri za mtandao zinaanza na hazirudi. Mtu anabonyeza kitufe cha kuzima, skrini inabaki vilevile dakika nzima, kompyuta haizimiki. Kerneli iliyokuja kuokoa diski ilikuwa imeziangusha baadhi ya mashine upande wa mtandao.

Siku zile chache za Desemba zinafaa kusomwa kwa makini na yeyote anayetumia Linux, kwa sababu zinaonyesha kazi nzima ya kurudi kwenye kerneli ya zamani: wakati inapookoa, mahali inapoweza kumponza mtu, na kwa nini kuchagua mstari wa zamani kwenye menyu ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha mashine inabaki na chaguo hilo mpaka rekebisho litoke.

Kerneli ndiyo programu inayokaa kati ya vifaa na programu nyingine zote. Mtu anapocheza wimbo, kicheza muziki hakijui lolote kuhusu chipu ya sauti. Kinaiambia kerneli, na kerneli inaiambia chipu. Maelekezo ya kuzungumza na kila chipu huitwa viendeshi, na katika Linux viendeshi vingi husafiri pamoja na kerneli katika kifurushi kimoja. Ndiyo maana sasisho moja la kerneli laweza kugusa waifai, sauti, mwanga wa skrini, tachpadi na namna laptopu inavyolala inapofunikwa, vyote kwa mpigo, hata kama mwenye mashine hakugusa mpangilio wowote.

Kinachofanya kurudi nyuma kuwezekane ni jambo moja: kwenye Debian na Ubuntu, kerneli mpya yenye jina jipya haiandikwi juu ya ile ya zamani. Huwekwa pembeni yake. Ndani ya folda ya `/boot` kila moja ina faili lake linaloanza na `vmlinuz`, na ndani ya `/lib/modules` kila moja ina folda yake ya viendeshi. Laptopu ya Debian iliyosasishwa mara mbili wiki ile ilikuwa na kerneli tatu kamili: `6.1.0-13-amd64`, `6.1.0-14-amd64` na `6.1.0-15-amd64`. Kinachoamua ni ipi iwake ni GRUB, programu ndogo inayoamka kabla ya Linux yenyewe, na GRUB isipoambiwa vingine huchukua mpya kuliko zote.

Majina hayo yanachanganya kidogo, na hapa kuchanganyikiwa kuna gharama. Namba 13, 14 na 15 ni za vifurushi vya Debian. Kerneli halisi iliyomo ndani ina namba yake: kifurushi cha 13 kilibeba 6.1.55, cha 14 kikabeba 6.1.64, na cha 15 kikabeba 6.1.66. Mashine yenyewe husema yote mawili ikiulizwa kwa terminali:

```
uname -r
uname -v
```

Amri ya kwanza hutoa jina la kifurushi, ya pili hutoa mstari wenye namba halisi ya kerneli.

Sasa tumchukue mtumiaji aliyekwama na kifurushi cha 15, waifai imekufa, laptopu haizimiki vizuri. Anashikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike kabisa, kisha anaiwasha. Kwenye Debian menyu ya GRUB hukaa kwenye skrini kwa sekunde tano. Akibonyeza mshale wa kwenda chini, saa ya kuhesabu husimama na anapata nafasi ya kusoma. Mstari wa pili umeandikwa `Advanced options for Debian GNU/Linux`. Akiuchagua, hufunguka orodha ya kerneli zote zilizomo, mpya ikiwa juu, na kila moja ina mistari miwili: wa kawaida, na mwingine wenye maneno `recovery mode` mwishoni. Huo wa mwisho ni wa kuokolea mfumo ulioharibika. Humfikisha mtu kwenye skrini nyeusi yenye maandishi tu. Anayetaka kufanya kazi zake kama kawaida huchagua mstari usio na maneno hayo.

Lakini mstari upi? Mazoea yanasema shuka hatua moja. Kama 15 imevunja waifai, washa 14. Wiki ile mazoea hayo yangemtoa mtu kwenye kerneli inayoua mtandao na kumpeleka kwenye kerneli inayoweza kuharibu mafaili yake. Tena angefurahi, maana waifai ingerudi mara moja na asingeona dalili yoyote ya hatari. Kerneli salama ilikuwa 13, hatua mbili chini.

Hitilafu zote mbili zilitokana na mtindo mmoja wa kazi. Wasimamizi wa kerneli hutengeneza mambo mapya kwenye tawi la mbele, kisha viraka muhimu huchukuliwa na kupandikizwa kwenye matawi ya zamani yanayotunzwa kwa miaka, kama 6.1. Kiraka kilichopeleka kasoro ya ext4 kilikuwa sahihi mahali kilipozaliwa, kwa sababu kule kilitanguliwa na badiliko jingine. Kilipopandikizwa kwenye 6.1 mwenzake hakupandikizwa, na aina moja ya uandishi, ule unaokwenda diskini moja kwa moja bila kupitia kwanza kwenye kumbukumbu, ukaanza kukosea mahali pa kuandika. Cha waifai kilikuwa na kisa kinachofanana nacho: kule mbele mfumo wa makufuli ya ndani, yanayozuia sehemu mbili za kerneli kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, ulikuwa umeshapangwa upya, kwenye 6.1 na 6.6 ulikuwa bado wa zamani. Kwa hiyo sehemu moja ilibaki ikingoja kufuli ambalo halifunguki, na kila programu iliyohitaji mtandao ikapanga foleni nyuma yake. Ndiyo maana hata kuzima mashine kukakwama. Haikuwa kila laptopu. Ilitegemea chipu ya waifai na kiendeshi chake.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mstari, inafaa kuuliza mambo mawili: ni kerneli ipi ya mwisho iliyofanya kazi kwa muda wa kutosha kwenye mashine hii, na je, kuna onyo lolote lililotolewa juu yake? Ile iliyotumika wiki kadhaa bila kelele ni chaguo bora kuliko ile iliyokaa siku mbili. La pili hujibiwa kwa simu dakika tano, kwenye tovuti ya Debian au ya mfumo husika.

Baada ya 13 kuwaka, kazi ya kwanza ni kuthibitisha kwamba kweli ndiyo iliyowaka, kwa `uname -r`, na kwamba waifai imerudi. Kazi ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kutazama kumbukumbu za ule uwashaji mbaya kabla hazijafutika. Mashine huhifadhi maneno ya kerneli ya kila uwashaji, na ya uwashaji uliotangulia huonekana hivi:

```
sudo journalctl -k -b -1
```

Mistari inayotaja jina la kiendeshi cha waifai, au inayosema kazi fulani imekwama kwa zaidi ya sekunde 120, ndiyo ushahidi. Mtu akiinakili kwenye faili, anakuwa na kitu cha kuwapelekea wasimamizi: kerneli hii ilifanya kazi, hii haikufanya, na haya ndiyo iliyosema. Ripoti yenye mambo hayo matatu humwokoa mhandisi siku nzima ya kubahatisha.

Hapo ndipo wengi huishia, na ndipo tatizo huanza upya. Chaguo la kwenye menyu ni la uwashaji mmoja tu. Kesho umeme ukikatika na betri ikaisha, GRUB itarudi kwenye mstari wa juu, na mwenye laptopu atakuwa tena bila mtandao, labda dakika kumi kabla ya kikao. Kukumbuka kubonyeza mshale kila asubuhi si mpango wa kutegemewa, hasa kama mashine inatumiwa na watu wawili nyumbani.

Kuna njia fupi inayozunguka sana, ya kumpa GRUB namba ya mstari. Huhesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo menyu ndogo ni 1, na ndani yake mistari ya 15 ni 0 na 1, ya 14 ni 2 na 3, na ya 13 huanza na 4. Mtu huandika `1>4` na inafanya kazi vizuri. Kisha linakuja sasisho jingine, kerneli ya 16 inakaa juu, na kila kitu kinasogea chini kwa nafasi mbili. Namba `1>4` ya asubuhi ile sasa inamaanisha kerneli ya 14. Bila neno lolote kwenye skrini, mashine inawaka na ile kerneli yenye hatari kwa diski. Kwa sababu hiyo moja namba hazifai kabisa kwa kazi hii. Kerneli itajwe kwa jina.

Jina lazima liandikwe kama lilivyo kwenye menyu, herufi kwa herufi, na njia ya uhakika ni kulisoma kutoka kwenye faili ambalo GRUB yenyewe hulitumia:

```
sudo grep -E "(menuentry|submenu) '" /boot/grub/grub.cfg | cut -d"'" -f2
```

Amri hiyo huorodhesha majina yote. Kinachofuata ni kufungua faili la `/etc/default/grub`, kuutafuta mstari unaosema `GRUB_DEFAULT=0` na kuubadilisha uwe:

```
GRUB_DEFAULT=saved
```

Maana yake ni kwamba GRUB iache kuchukua mstari wa juu, badala yake ifuate jina lililohifadhiwa. Kisha jina lenyewe huhifadhiwa kwa amri mbili, ambapo jina la menyu ndogo na jina la kerneli hutenganishwa na alama moja:

```
sudo update-grub
sudo grub-set-default "Advanced options for Debian GNU/Linux>Debian GNU/Linux, with Linux 6.1.0-13-amd64"
```

Kuhakiki ni rahisi. Amri ya `sudo grub-editenv list` hutoa mstari unaoanza na `saved_entry=` ukifuatiwa na jina. Alama za nukuu ni lazima, kwa sababu jina lina nafasi ndani yake na alama ya `>` ingeeleweka vibaya na terminali. Baada ya hapo, kuwasha mashine mara moja bila kugusa kitu chochote ndiyo jaribio la mwisho: ikiwaka yenyewe na 13, kazi imeshika.

Bado kuna mtego mmoja, nao ni mbaya kuliko mingine kwa sababu hufanya kazi kimya. Debian haiweki kerneli za zamani milele. Zingeijaza `/boot` mpaka masasisho yashindwe kuingia. Amri ya `apt autoremove` huzifagia, na mashine iliyowekewa masasisho ya kujiendesha huzifagia bila kuulizwa. Kanuni yake ni kulinda kerneli inayotumika wakati ule pamoja na mpya zaidi, na kwa kawaida hubakiza mbili. Tuseme mtumiaji wetu alikuwa bado kwenye 15 akihangaika, akaona ujumbe kwamba kuna vifurushi visivyohitajika, akakubali viondolewe. Kinga ingekuwa juu ya 15 na 14. Kifurushi cha 13, kile pekee kilicho salama, ndicho kingefutwa.

Dawa yake ni kukitia kifurushi hicho alama kwamba kimewekwa na mtu kwa kukusudia:

```
sudo apt-mark manual linux-image-6.1.0-13-amd64
```

Kuanzia hapo `autoremove` haikigusi. Kama laptopu inatumia kiendeshi kinachojengwa nje ya kerneli, kama cha kadi za michoro za NVIDIA, ni vyema kifurushi cha `linux-headers` chenye namba ileile nacho kitiwe alama, kwa kuwa kiendeshi hicho hujengwa upya kwa kila kerneli kwa kutumia faili zake. Na aliyechelewa, kerneli yake ikawa imeshafutwa, hajapotelewa kabisa: Debian huhifadhi vifurushi vyake vyote vya zamani kwenye snapshot.debian.org, ambako toleo linalotakiwa laweza kupakuliwa, hata kwa kompyuta nyingine, na kubebwa kwenye flashi.

Kuna shauri jingine linalotolewa mara nyingi: kuzuia masasisho ya kerneli yasiingie kabisa, kwa `apt-mark hold linux-image-amd64`. Linafanya kazi, lakini ni shauri baya kwa tatizo hili. Anayefunga mlango hivyo hupoteza viraka vya usalama, na zaidi ya hapo hajui kama rekebisho la waifai yake limetoka, kwa sababu haliingii. Zuio husahaulika; mashine hubaki nyuma kwa miezi huku mwenyewe akidhani inasasishwa. Kulitaja jina kwenye GRUB na kukilinda kifurushi kunampa kile anachokihitaji bila hasara hiyo. Kerneli mpya zinaendelea kuingia na kukaa kwenye diski, zikingoja kujaribiwa, wakati kazi za kila siku zinaendelea kwenye ile iliyo timamu.

Kujaribu nako kuna amri yake. Rekebisho la waifai lilikuja haraka: Jumatatu ya tarehe 11 Desemba wasimamizi wa kerneli walitoa 6.1.67, pamoja na 6.6.6 kwa tawi jingine, wakiwa wameking'oa kile kiraka cha waifai. Debian ikakifikisha kwa watumiaji wake siku chache baadaye kama kifurushi cha 16, bila kungoja toleo la 12.5. Kwa mtumiaji wetu sasisho la kawaida likakiingiza, lakini laptopu ikaendelea kuwaka na 13 kama ilivyoagizwa. Ili kukijaribu kipya kwa uwashaji mmoja tu:

```
sudo grub-reboot "Advanced options for Debian GNU/Linux>Debian GNU/Linux, with Linux 6.1.0-16-amd64"
sudo reboot
```

Ikiwa 16 ingeganda, angeshikilia kitufe cha kuzima, na uwashaji unaofuata ungerudi wenyewe kwenye 13. Huo ndio uzuri wa `grub-reboot`: jaribio likishindwa halimwachi mtu pabaya. Ila isharti GRUB iweze kuandika kwenye diski inakokaa `/boot`, ili ifute agizo la mara moja baada ya kulitumia. Kama `/boot` ipo ndani ya LVM au RAID, haiwezi, na amri yenyewe hutoa onyo hilo. Hapo agizo hubaki mpaka lifutwe kwa mkono.

Jaribio lenyewe lisiwe la kutazama alama ya waifai tu na kushangilia. Kasoro ya Desemba ilijificha kwenye makufuli, na kasoro za aina hiyo hujitokeza hali inapobadilika: waifai inapozimwa na kuwashwa, laptopu inapofunikwa na kufunuliwa, mtu anapohama kutoka mtandao wa nyumbani kwenda wa simu, na mashine inapozimwa. Siku moja ya matumizi ya kweli yenye mambo hayo yote ni kipimo cha haki.

Mifumo mingine hupanga mambo haya kwa namna yake. Kwenye Ubuntu menyu ya GRUB hufichwa ikiwa hakuna mfumo mwingine kwenye diski. Huitwa kwa kugonga kitufe cha Esc mara nembo ya mtengenezaji inapotokea, au kushikilia Shift kwenye mashine za zamani. Anayegonga Esc kupita kiasi hujikuta kwenye mstari mtupu wenye neno `grub>`. Akiandika `normal` na kubonyeza Enter hurudishwa. Kwenye Ubuntu 24.04 kuna jambo kubwa zaidi: viendeshi vingi, vikiwemo vya waifai na sauti, vimo katika kifurushi cha pembeni kinachoanza na `linux-modules-extra`. Aliyekilinda kifurushi cha `linux-image` peke yake anaweza kubaki na kerneli inayowaka vizuri lakini isiyoijua waifai. Vyote viwili vitiwe alama ya `manual`.

Fedora hubakiza kerneli tatu, haiondoi ile inayotumika, na huchagua kerneli ya kuwashia kwa amri ya `grubby --set-default` ikifuatiwa na njia ya faili la `vmlinuz`. Lakini kila kerneli mpya inayoingia hujifanya chaguo jipya, mpaka `UPDATEDEFAULT=yes` ndani ya `/etc/sysconfig/kernel` ibadilishwe kuwa `no`.

Arch ndiyo inayohitaji tahadhari kabla ya ajali. Kwake kerneli mpya huondoa ya zamani, na menyu haina pa kurudi. Hili lilidhihirika mwishoni mwa Septemba 2022, kerneli 5.19.12 ilipotoka na skrini za baadhi ya laptopu zenye michoro ya Intel zikaanza kumetameta weupe. Ville Syrjälä, mhandisi wa Intel, alipotazama kumbukumbu zilizotumwa aliona kwamba nyakati za kuipa na kuikatia skrini umeme huenda zimevurugika, akaonya kwamba jambo hilo laweza kuidhuru skrini yenyewe, na akashauri watu wenye laptopu za Intel wasiitumie kerneli hiyo. Tarehe 4 Oktoba ikatoka 5.19.13. Mtumiaji wa Arch aliyekuwa ameweka mapema kifurushi cha `linux-lts` na kukiingiza kwenye menyu alikuwa na kerneli ya pili ya kuchagua. Asiye nacho ilimbidi kuitoa ya zamani kwenye ghala la vifurushi vilivyopakuliwa, `/var/cache/pacman/pkg`, huku akitazama skrini inayomweka.

Kuna pia vifaa vinavyogoma bila kosa la kerneli. Chipu nyingi za waifai na michoro hupakiwa programu yao ndogo kila zinapowashwa, na hiyo husafiri katika vifurushi vingine. Kwenye Ubuntu huitwa `linux-firmware`, na kwenye Debian vimegawanyika katika vingi vinavyoanza na `firmware-`. Ikisasishwa siku moja na kerneli, kurudisha kerneli hakubadilishi kitu, kwa sababu kerneli ya zamani itapakia programu ileile mpya. Namna ya kujua ni kusoma `/var/log/apt/history.log`, ambamo kila sasisho limeandikwa kwa tarehe pamoja na majina ya vifurushi. Kama kerneli mbili za zamani zilizokuwa zikifanya kazi sasa zinashindwa zote, kerneli ina haki ya kuachwa na kosa litafutwe huko. Inafaa pia mashine izimwe kabisa badala ya kuwashwa upya tu, kwa kuwa chipu iliyogandishwa na kerneli moja inaweza kubaki imeganda inapopokewa na nyingine.

Na mara chache madhara hubaki hata baada ya kurudi nyuma. Desemba 2017 watu wenye laptopu fulani, nyingi zikiwa za Lenovo, walijikuta hawawezi tena kuhifadhi mipangilio ya BIOS baada ya kutumia Ubuntu 17.10. Kiendeshi kiitwacho intel-spi kilikuwa kimewashwa kwenye kerneli yake, nacho kiligusa chipu inayohifadhi BIOS yenyewe. Canonical iliiondoa Ubuntu hiyo kwenye ukurasa wake wa kupakulia na kuitoa upya Januari 2018 bila kiendeshi hicho. Waliokwisha kuguswa hawakuponywa kwa kurudi kwenye kerneli ya zamani tu, kwa sababu kilichobadilika hakikuwa kwenye diski.

Kwa laptopu ya Debian mambo yaliisha kirahisi zaidi. Baada ya kerneli ya 16 kupita siku yake ya majaribio, mtumiaji hufungua tena `/etc/default/grub`, hurudisha `GRUB_DEFAULT=0`, na kuendesha `sudo update-grub`. Hatua hii ikisahaulika, mashine itaendelea kuwaka na 13 miezi na miezi, kila kiraka cha usalama kikiingia kwenye diski bila kutumika hata siku moja; `uname -r` ikilinganishwa na orodha ya `/boot` hulifichua hilo papo hapo. Mwisho hukiondolea kifurushi cha zamani ile alama:

```
sudo apt-mark auto linux-image-6.1.0-13-amd64
```

`autoremove` inayofuata itakiondoa pamoja na kile cha 14, na `/boot` itapata nafasi ya kerneli ijayo.